Jino la Maumivu Liko Mstari wa Nane: Jinsi Kadi ya Uchunguzi Inavyogeuka Mpango wa Matibabu

Daktari wa meno akikuchunguza kinywa kizima, macho yake hufuata njia moja. Huanza kwenye gego la mwisho la juu kulia, akaja mbele hadi meno mawili makubwa ya katikati, akavuka kwenda juu kushoto, akashuka kwenye gego la mwisho la chini kushoto, akarudi mbele, na mwisho akaishia chini kulia. Anataja anachokiona, msaidizi anaandika. Kinachopatikana ni kadi inayofuata njia ya macho, na njia ya macho haina habari na maumivu yako. Jino lililokutoa nyumbani usiku linaweza kuandikwa karibu na mwisho, chini ya doa dogo lisilo na madhara yoyote.

Tuchukue kadi ya mfano. Mgonjwa ni mama wa miaka 43, muuza duka, ana kisukari anachokitumia dawa. Amekuja kwa sababu upande wa kulia chini unamuuma kila akitafuna. Hivi ndivyo kadi yake inavyosomeka, maneno yakiwa yamewekwa kwa Kiswahili na vifupisho vikiachwa vilivyo:

```
DM (anatumia dawa)
17  PD 6 mm, mob I
16 M, 15 D  tundu; baridi +, haidumu
11  ncha imemeguka, haiumi
24  mzizi uliobaki
38  PE; ufizi umevimba x2
37  doa O
36  X
46  DO tundu kubwa; baridi -, TTP ++
    PA: kivuli nchani
47  O tundu, dentini
Ukoga mgumu mbele chini, BOP
```

Mistari kumi na kitu. Mgonjwa akipewa karatasi hii hataelewa lolote, na hata tabibu mwingine akiipokea atalazimika kukaa nayo kitako kabla ya kujua aanzie wapi. Kazi inayobaki ni kuigeuza iwe mpango: kila jino na tatizo lake, na tiba yake, na nafasi yake kwenye foleni, na mama huyu atarudi mara ngapi mpaka amalize.

Kabla ya yote ni namba. Mfumo huu ni wa FDI, shirikisho la kimataifa la madaktari wa meno lililoanzishwa Paris mwaka 1900, nao ni rahisi ukishaonyeshwa. Namba ya kwanza inataja robo ya kinywa: 1 ni juu kulia, 2 ni juu kushoto, 3 ni chini kushoto, 4 ni chini kulia. Kulia na kushoto ni kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa daktari anayemtazama. Namba ya pili inahesabu kutoka katikati kwenda nyuma, jino la mbele likiwa 1 na gego la mwisho likiwa 8. Kwa hiyo 46 ni la sita kutoka katikati, chini kulia, na watu wa kazi hii hulitamka “nne sita” na si “arobaini na sita”. Mtoto mwenye meno ya utoto ana robo zake, 5 hadi 8, na kila robo ina meno matano tu.

Mfumo huu una faida moja isiyosemwa sana: makosa mengine hujifichua yenyewe. Hakuna jino namba 19 wala 40, kwa sababu hakuna la tisa wala la sifuri. Hakuna 87, kwa sababu robo ya nane ni ya meno ya utoto na yanaishia la tano. Ukikutana na namba kama hiyo kwenye kadi, ujue mtu ameteleza kalamu. Kosa la hatari ni lile lisilojifichua: 36 badala ya 46. Yote mawili yapo, yote mawili ni magego makubwa ya chini, na tofauti yao ni upande tu. Kwenye kadi yetu tuna bahati, maana mbele ya 36 kuna X, yaani jino halipo, lilishang'olewa. Mpango ukisema “36, kutibu mizizi”, anayeusoma atashtuka: utatibu vipi mizizi ya jino ambalo halipo? Ndiyo maana mtayarishaji mzuri wa mpango huanza na meno yasiyokuwepo. Huyaandika kwanza, kisha hupima kila tiba dhidi ya orodha hiyo.

Wenye ndugu Marekani wajihadhari kidogo hapa. Huko hutumia mfumo wao, wanahesabu 1 hadi 32 bila kurudia, wakianzia gego la mwisho la juu kulia. Jino letu la 46 kwao ni 30. Na 16, ambalo kwetu ni gego kubwa la juu kulia, kwao ni gego la mwisho la juu kushoto. Mtu akija likizo Mombasa au Moshi na karatasi kutoka huko, swali la kwanza ni mfumo gani umetumika, na jibu liandikwe juu kabisa ya mpango. Pembeni ya namba liandikwe pia jina la kawaida, kwa mfano “gego kubwa la kwanza, chini kulia”. Maneno hayo sita yanamlinda mgonjwa kuliko namba peke yake.

Sasa tuingie kwenye jino lenyewe la maumivu. Kadi inasema 46, DO, tundu kubwa. Herufi hizo ni pande za jino: O ni sehemu ya kutafunia, M ni upande unaoelekea katikati ya uso, D ni upande unaoelekea nyuma. Tundu hili limekula sehemu ya kutafunia na ukuta wa nyuma. Halafu “baridi -”: daktari ameligusa kwa kitu cha baridi kali, mgonjwa hakuhisi kitu. Halafu TTP ++: ameligonga taratibu kwa mpini wa chombo, mgonjwa ameruka. Na mwisho picha ya eksirei imeonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi.

Hapo kuna mambo matatu yanayochanganywa sana: kilichoonekana, maana yake, na tiba. Kadi imeandika kilichoonekana tu. Jino lisilohisi baridi lakini linalouma likigongwa, na lenye kivuli nchani, kwa kawaida ni jino ambalo kiini chake kimekufa na uambukizo umeshuka kupitia mizizi hadi kwenye mfupa. Hiyo ndiyo maana. Tiba ni jambo la tatu, na lina milango miwili: kusafisha mizizi na kuliokoa jino, au kuling'oa. Anayehamisha kadi kuwa mpango hana mamlaka ya kuruka kutoka la kwanza hadi la tatu kwa sababu tu “jino likitoboka huzibwa”. Jino hili likizibwa tu juu, uambukizo utafungiwa ndani na mama atarudi na shavu lililovimba. Kwa hiyo kwenye mpango mzuri kila jino lina nafasi tatu, na ile ya katikati, yaani maana, ikiwa tupu, karatasi inarudi kwa daktari aliyechunguza. Haijazwi kwa kukisia.

Linganisha na 15 na 16. Haya yana matundu yanayotazamana, moja upande wake wa nyuma na jingine upande wake wa mbele, mahali ambapo mswaki haufiki. Yakiguswa na baridi yanauma, lakini maumivu yanaondoka mara. “Haidumu” ni neno dogo lenye uzito mkubwa: linamaanisha kiini bado ni kizima, kimechokozwa tu, na kuziba kunatosha. Laiti kadi ingesema maumivu yanabaki dakika nzima baada ya baridi kuondolewa, au yanamwamsha usiku, mstari huo ungehama kutoka kuziba kwenda kwenye mizizi, na idadi ya safari ingebadilika. Nimeona mipango mingi ambamo msaidizi aliandika “tundu” na kuliacha neno hilo la pili nje. Aliokoa wino, akaacha habari.

Baada ya kila jino kupata nafasi zake tatu ndipo linakuja suala la nani atangulie. Kanuni ya kitaalamu ina ngazi nne, nazo hazifuati ukubwa wa tundu. Ya kwanza ni maumivu na uambukizo uliopo sasa. Ya pili ni kuuzima ugonjwa unaoendelea: fizi, matundu, mizizi iliyobaki. Ya tatu, baada ya kinywa kutulia na kupimwa upya, ni kurudisha umbo na nguvu: kofia za meno, meno ya bandia, ncha zilizomeguka. Ya nne ni kuangalia na kutunza.

Juu ya ngazi hizo zote kuna mlango wa dharura. Kama mgonjwa ana uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, hawezi kufungua kinywa vizuri, anameza kwa shida, anapumua kwa shida au ana homa, hakuna mpango wa kuandika hapo. Ni hospitali kubwa siku hiyo hiyo, kwa sababu uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa. Mama wetu hana dalili hizo. Tuendelee.

Ngazi ya kwanza kwake ina jino moja tu, 46. Kisukari hapa kinasukuma mbele badala ya kuvuta nyuma: uambukizo mwilini hupandisha sukari, na sukari iliyopanda hudhoofisha mwili kupambana na uambukizo. Hakuna faida ya kusubiri. Lakini ugonjwa huo huo unavuta nyuma jambo lingine, kung'oa gego la mwisho la 38, kwa sababu kidonda cha taya hupona vibaya sukari ikiwa juu. Basi kisukari hakiandikwi kama neno moja juu ya ukurasa likaachwa hapo. Kinaandikwa kwenye mistari inayohusika: kwenye 38, “sukari ipimwe kwanza”, na kwenye ratiba nzima, “miadi iwe asubuhi, awe amekula na ametumia dawa”, ili sukari isishuke akiwa kwenye kiti.

Ngazi ya pili ni pana zaidi: fizi zinazotoka damu na ukoga mgumu, matundu ya 15, 16 na 47, mzizi wa 24, na gego la 38 ambalo limechomoza nusu na ufizi wake umeshavimba mara mbili. Ngazi ya tatu ni kofia ya 46, pengo la 36 na ncha ya 11. Ya nne ni doa la 37, ambalo tiba yake ni kuangaliwa tena, basi. Watu hushangaa kuona jino kwenye mpango lenye neno “hakuna la kufanya sasa”. Lakini likiachwa nje, tabibu mwingine mwakani ataliona doa, hatajua kama ni jipya, na pengine atalichimba bila sababu.

Na 17? Hili ndilo jino linalonivutia zaidi kwenye kadi hii. Kipimo cha milimita 6 ni kina cha mfuko kati ya jino na ufizi. Kwenye fizi zenye afya huwa 1 hadi 3. Jino linacheza kidogo, chini ya milimita moja. Anayetaka kumaliza haraka ataandika “ng'oa”. Lakini jino linalocheza kidogo katika fizi zilizovimba mara nyingi hukaza zikishasafishwa. Uamuzi wake haujulikani leo, na mpango mwaminifu unasema hivyo: kusafisha chini ya ufizi sasa, kupima upya baada ya miezi mitatu, uamuzi siku hiyo. Kwa nini miezi mitatu? Fizi zinahitaji majuma kadhaa kushikana tena na jino, na ukizichokonoa kwa chombo cha kupimia mapema mno unavuruga unachotaka kukipima.

Sasa tuhesabu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanahesabu meno badala ya miadi. Kwenye kadi kuna meno nane ya kushughulikiwa. Si miadi minane, na si kwamba kila jino lina miadi yake. Kinachoongoza ni sindano ya ganzi, upande wa kinywa, na lipi linamsubiri lipi.

Tuseme mama amechagua kuliokoa jino lake la 46. Miadi ya kwanza ni ya kulifungua, kuisafisha mizizi, kuweka dawa ndani na kulifunika kwa kizibo cha muda. Maumivu ya kutafuna hupungua siku chache baadaye. Miadi ya pili, karibu juma moja mbele, ni kusafisha fizi zote, pamoja na lile la 17 chini ya ufizi kwa ganzi. Mtu atauliza kwa nini fizi ziingie katikati wakati kazi ya 46 haijaisha. Sababu ni ya kiufundi: matundu ya 15 na 16 yako karibu na ufizi, na kizibo cha rangi ya jino hakishiki mahali penye damu. Fizi zikisafishwa mapema, zinakuwa zimetulia zamu ya matundu hayo ikifika. Dawa iliyo ndani ya 46 nayo inaendelea na kazi yake wakati huo.

Miadi ya tatu inarudi chini kulia. Mizizi ya 46 inajazwa na jino linajengwa. Sindano inayotia ganzi taya la chini hulaza upande mzima, kwa hiyo 47, jirani yake lenye tundu dogo, linazibwa papo hapo. Miadi ya nne ni 15 na 16 kwa pamoja. Haya hayatenganishwi: ukiziba moja leo na jingine mwezi ujao, utachimba mara mbili sehemu ile ile, na ni vigumu kupata mgusano mzuri kati yao. Mgusano ukiwa mbaya, nyama ya chakula itakwama hapo kila siku.

Angalia kilichotokea. Upande wote wa kulia umekwisha. Ndipo miadi ya tano inavuka kushoto, kung'oa 38 chini na mzizi wa 24 juu, na mama ana upande wa kutafunia wakati vidonda vinapona. Kama angeng'olewa kushoto mwanzoni, huku kulia kunamuuma, angekula uji siku nyingi, na kwa mwenye kisukari kula vibaya si jambo dogo. Miadi ya sita ni fupi, siku saba hivi baadaye, kuangalia kidonda na kutoa nyuzi kama zipo.

Hapa pana shimo kwenye kadi yetu, na pengine msomaji makini ameliona. Kuna picha ya eksirei ya 46, lakini ya 38 haipo. Gego la mwisho la chini haling'olewi kwa kubahatisha. Ndani ya taya hupita mshipa wa fahamu unaohisi mdomo wa chini na kidevu, na mizizi ya gego hilo wakati mwingine huugusa. Mgonjwa anaweza kutoka na mdomo wenye ganzi kwa miezi, au moja kwa moja. Basi mstari wa 38 kwenye mpango hauandikwi “kung'oa, miadi 1”. Unaandikwa “picha kwanza, kung'oa hapa au rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa”. Idadi ya miadi inabaki na alama ya kuuliza, na alama hiyo ni sehemu ya mpango. Picha yenyewe inaweza kupigwa siku ya miadi yoyote iliyotangulia, ili isile safari nzima.

Miadi ya saba ni ile ya miezi mitatu baada ya kusafisha fizi. Inapimwa mifuko yote upya, na 17 linapata hukumu yake. Ya nane ni kulichonga 46 na kuchukua kipimo cha kofia, ya tisa ni kuivalisha, na ncha ya 11 inatengenezwa siku hiyo hiyo kwa kuwa ni kazi fupi isiyohitaji ganzi mara nyingi. Jumla tisa. Lakini hakuna daktari mkweli atakayeandika “9” peke yake. Mizizi yenye usaha mwingi huomba miadi ya ziada, na 17 huenda likahitaji kusafishwa tena, kwa hiyo kinachoandikwa ni “9 hadi 11, kwa muda wa miezi minne hadi mitano, pengo la 36 halijahesabiwa”.

Mistari minne ya mpango huo, kama mama atakavyoipokea, ingekuwa hivi:

```
46 gego kubwa, chini kulia | kiini kimekufa, uambukizo |
   kusafisha mizizi, kujenga, kofia | ngazi 1, kofia ngazi 3 |
   miadi 1, 3, 8, 9
15 na 16, juu kulia | matundu, kiini kizima |
   kuziba pamoja | ngazi 2 | miadi 4
17 gego, juu kulia | ufizi umeachia, 6 mm |
   kusafisha, kupima upya | ngazi 2 | miadi 2, 7, uamuzi baadaye
38 gego la mwisho, chini kushoto | ufizi unavimba |
   picha; sukari; kung'oa au rufaa | ngazi 2 | miadi 5? 6?
```

Jino moja linaweza kuwa kwenye ngazi mbili, kama 46 lilivyo. Mipango mingi hushindwa hapo: kofia huandikwa pamoja na mizizi kwenye mstari wa dharura, bima inaombwa kibali cha vyote kwa mpigo, na matibabu ya maumivu yanakaa kusubiri kibali cha kofia.

Mlango wa pili wa 46 ni kung'oa. Watu hupenda kusema ni miadi moja na imekwisha, na wengi wetu tumekua tukiona jino likiuma linang'olewa. Ukihesabu upya, miadi ya 8 na 9 ya kofia inaondoka, ya tatu inabaki kwa ajili ya 47, na 11 linahamia siku ya kupima fizi. Jumla inakuwa saba. Lakini rudi kwenye X ya 36. Mama huyu tayari hana gego kubwa la kwanza upande wa kushoto. Akipoteza 46 atakuwa amepoteza magego makubwa ya kwanza ya chini pande zote mbili, ambayo ndiyo yanayobeba kazi kubwa ya kutafuna. Akitaka meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, kipimo, kujaribisha, kukabidhiwa na kurekebishwa vinaweza kumla miadi mitatu au minne. Saba inarudi kuwa kumi au kumi na moja. Milango yote miwili inapaswa kuonekana kwenye karatasi, kila mmoja na hesabu yake, na mama ndiye anayechagua.

Kuna sharti moja ambalo halimwachii uchaguzi. Jino lisafishwalo mizizi linahitaji ukuta mgumu uliobaki juu ya ufizi, walau milimita 2 hivi kuzunguka, ili kofia ipate pa kushika. Tundu la 46 limekula ukuta wa nyuma. Daktari atajua kwa hakika akishatoa uozo wote, siku ya miadi ya kwanza. Ikionekana ukuta umeliwa hadi chini ya ufizi, mlango wa kuokoa unafungwa hapo hapo. Hilo nalo liandikwe mapema, “kama ukuta unatosha”, ili mama asije akadhani amebadilishiwa maneno akiwa amefungua kinywa.

Wagonjwa wengi hawamalizi mpango. Fedha huisha, msimu wa biashara huingia, au maumivu huondoka na pamoja nayo hamu ya kurudi. Kwa hiyo mimi ningependa kila mpango uonyeshe mahali pa kupumzika na mahali pasipo pa kupumzika. Kwa mama wetu, baada ya miadi ya sita anaweza kukaa kidogo: maumivu hayapo, matundu yamezibwa, vidonda vimepona, na 46 limejengwa imara kiasi cha kungoja kofia kwa miezi michache akiwa mwangalifu na vitu vigumu. Mahali pabaya kuliko pote ni kati ya miadi ya kwanza na ya tatu. Wakati huo haliumi, na ndiyo hatari yake. Kizibo cha muda hulika na kuvuja baada ya majuma machache, mate na vijidudu vinarudi kwenye mizizi, na ukuta uliobaki unaweza kupasuka kwa punje moja ya bisi. Kwenye mstari wa 46 tabibu aandike tarehe ambayo kizibo hicho hakipaswi kuipita, na namba ya simu ya kliniki pembeni yake.